Connects 12 kwa Tangazo la Embe

Jamani, hili tangazo la leo asubuhi kule Upwork, mtandao wa kutafutia kazi, naomba tulisome pamoja, taratibu, maana hasira zake mtu mmoja hazibebi.

"Anahitajika mtafsiri wa Kiswahili. Maneno 10,000. HARAKA SANA. Kazi rahisi. Malipo dola 20 kwa kazi nzima. Ambatanisha jaribio la maneno 500 kutoka kwenye faili hili. Anza ombi lako kwa neno EMBE."

Kuomba: Connects 12, zile tokeni unazolipia kila ombi.

Connect moja inauzwa dola 0.15, kwa hiyo kumpigia hodi bwana huyu ni dola 1.80. Chipsi mayai hiyo imekwenda, na mlango haujafunguliwa. Ukituma maombi kumi ya bei hiyo umemaliza dola 18, wewe uliyekuja kutafuta 20.

Tuwe watu wazima, tupige hesabu. Mtafsiri anayejiheshimu anamaliza maneno 2,000 hivi kwa siku, akiwa na umeme. Maneno 10,000 ni siku tano. Dola 20 gawanya kwa tano: dola nne kwa siku, kabla mtandao haujakata chake, kabla ya bando, kabla ya LUKU.

Embe sina ugomvi nalo. Mteja anaweka neno la ajabu ili ajue nani amesoma na nani amebandika barua ileile anayowatumia wote. Liandike mwanzoni kabisa, kwa sababu kwenye orodha ya maombi mteja anaona mistari miwili tu ya kwanza kabla hajafungua. Anayeanza kwa "Mheshimiwa, natumaini u mzima wa afya" mistari yake imeishia kwenye salamu.

Shida ni jaribio. Fungua faili lenyewe: linaanza "...na ndiyo maana bomba hilo lisifungwe." Limeanza katikati ya sentensi! Bomba gani? Lisifungwe kwa nini? Jaribio la kweli lina kichwa na miguu, tena huwa fupi, aya moja inamtosha anayejua anachotafuta. Hili limekatwa kwa panga. Sasa chukua maneno 10,000, gawanya kwa vipande vya 500: waombaji ishirini. Tazama Proposals: 50+. Kila kipande kina watu wawili na chenji! Kitabu cha mabomba kimetafsiriwa bure, na kila mtafsiri amelipa dola 1.80 kwa heshima ya kutumika.

Ndiyo, huenda namsingizia. Basi tushuke kwenye taarifa za mteja, pale ambapo wengi hatufiki kwa sababu macho yamenasa kwenye neno "Kiswahili". Matangazo 14, hire rate asilimia 0, yaani hajaajiri hata mtu mmoja. Mtu mwenye tangazo moja na sifuri ni mgeni, hata waajiri wazuri wana siku ya kwanza. Kumi na nne na sifuri ni tabia. Malipo hayajathibitishwa. Kutaka kazi ya bure ni kinyume cha kanuni za Upwork zenyewe, kwa hiyo hapo kuna "Flag as inappropriate". Ibonyeze, ukalale.

Wengine hawastahili hata aya. Anayesema "tuongee Telegram" kabla ya mkataba: pita. Anayetaka utoe amana ya mafunzo: pita mbio. Anayetaka kukodi akaunti yako: akaunti si bajaji. Tangazo la siku tisa ambalo "Last viewed by client" nayo inasema siku tisa: mwenye nyumba amehama, unagonga nini? Na tangazo ambalo "Interviewing", waombaji anaozungumza nao tayari, imefika sita, unaongeza dau la Connects ili ombi lako lipande juu. Upande juu ya nini, wenzio washakaa wanakunywa chai!

Connects zako zisubiri tangazo la saa moja iliyopita, maombi chini ya matano, malipo yamethibitishwa, na mteja ameeleza faili ni la nini, lina maneno mangapi na analitaka lini. Huyo hata kama ni 16, lipa. Na ukialikwa, kujibu mwaliko ni bure, ingawa mialiko nayo ina watu wake wa embe.

Lakini kinachochoma zaidi ni hili neno "kazi rahisi". Kama rahisi, si uifanye? Ni ndugu yake yule anayempelekea fundi cherehani kitambaa usiku wa kuamkia Idi, anasema "ni mishono miwili tu fundi," kisha anatoa picha ya gauni lenye mikono ya puto, vifungo ishirini mgongoni na mkia. Na kitambaa chenyewe mita moja na nusu.