HGB imeshuka, sawa, lakini MCV umeiangalia?

Watu wengi wakipewa karatasi ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, macho yanakimbilia HGB, yaani himoglobini, wakikuta iko chini basi kesi imeisha, damu imepungua, jioni ni rozela na bitiruti. Mi naona mstari wenye habari zaidi ni ule wa MCV, yaani ukubwa wa seli nyekundu, na watu wanauruka kabisa.

Jirani yangu mmoja, mama wa miaka 34, alinionyesha yake: HGB 8.6, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. MCV 68, kawaida ni 80 hadi 100. Hizo seli si chache tu, ni ndogo pia, na udogo una sababu. Seli changa kwenye uboho inaendelea kujigawa mpaka ijae himoglobini ya kutosha ndo iache, sasa chuma kikipungua himoglobini inatengenezwa polepole, seli inasubiri haijai, inajigawa tena, kinachotoka ni kidogo na kimepauka. Ingekuwa folik asidi au B12 ndo imekosekana, seli zingetoka kubwa.

Lakini msikimbilie kusema ni chuma moja kwa moja, maana thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo inatoa seli ndogo na huku kwetu pwani ile ya alfa ipo sana tu. Hapo shuka kwenye RBC, yaani idadi ya seli nyekundu, na RDW, yaani seli zinavyotofautiana ukubwa. Mwenye thalasemia ya kurithi isiyo kali mara nyingi seli zake ni ndogo ila ni nyingi, RBC 5 na kitu, zinalingana, na HGB haishuki sana. Huyu mama RBC yake 4.0, RDW 18.5, maana yake seli zimechanganyika, za zamani zenye ukubwa wake na mpya ndogo, hiyo inaelekea kwenye chuma. Kuhakikisha ni feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikiwa chini ya 15 hamna ubishi, ila ukiwa na homa au uvimbe mwilini feritini inapanda yenyewe, kwahiyo ikisoma 40 na mtu anaumwa malaria usimwambie chuma kipo.

Yake ilitoka 6. Na hapa ndo nagombana na watu wa juisi, chuma kimeenda wapi? Daktari alimuuliza siku zake, kumbe anatoka mabonge na anabadilisha pedi hata usiku, akapelekwa altrasaundi, faibroidi. Angekuwa mwanaume au bibi aliyekoma hedhi ningetaka tumbo liangaliwe, vidonda, minyoo ya safura, hata kansa ya utumbo.

Alianzishiwa vidonge vya chuma, akaambiwa asivinywe na chai. Mwezi mmoja baadaye HGB 10.3, akataka kuacha sababu kizunguzungu kimeisha. Hapana bana, hata ikifika 12 anaendelea kama miezi 3 hivi, ghala bado tupu, na faibroidi lenyewe bado lipo.