Kuanzia Sasa, Lakini Sasa ya Nani?

Niacheni nikae kwanza. Mgongo huu mnaouona si mgongo tena, ni kielelezo cha ushahidi. Leo nimepanga katoni 333, nikazipangua katoni 333, kisha nikazipanga tena zilezile, na mpaka zamu inaisha katoni haijaongezeka hata moja. Halafu mtu ananiuliza mbona nimenuna.

Mimi ni mpangaji wa katoni. Msicheke. Sabuni ya maji ikishajazwa kwenye chupa, chupa 12 zikaingia katoni, katoni ikapigwa gundi, anayeipa heshima yake ya mwisho juu ya paleti ni mimi. Kila tabaka katoni 10, matabaka 5, jumla 50. Yanapishana kama matofali ya ukuta, kama yalivyosema maelekezo toleo la 3, yaliyobandikwa pale ukutani tangu enzi ambazo hata mbandikaji hazikumbuki.

Saa tano na dakika kumi akaja kijana kutoka ofisini na karatasi bado ina joto la mashine. Toleo la 4. Matabaka 4, si 5. Katoni zisipishane tena, zikae kona juu ya kona kama nguzo. Na chini kabisa, kwa herufi nene: "Yanaanza kutumika leo saa 4:00."

Saa nne! Na sasa ni saa tano na kumi! Yaani kwa saa nzima na dakika zake nimekuwa mhalifu huku ninapiga mluzi. Paleti 6 nimeshazimaliza na kuzizungushia plastiki. Ya saba nimeweka katoni 33: matabaka matatu yamekamilika na la nne limeanzwa na katoni tatu zinazonitazama kama yatima. Hiyo ya tano ndiyo kituko zaidi, maana saa nne kamili ilikuwa imebakiza tabaka moja tu. Kwa hiyo matabaka manne ni halali na la juu ni haramu? Au tuihukumu paleti nzima kwa saa iliyozaliwa?

Nikamwita msimamizi. Kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Bosi, hii ya saba naimalizia kwa sheria gani?"

Akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna jibu. Hakuna.

"Mpya ni mpya. Endelea na mpya kuanzia hapo ulipofika."

"Bosi, chini ni matofali, juu nijenge nguzo?"

"Ndiyo."

"Na nikishafika matabaka manne nisimame, kwenye kadi niandike toleo la ngapi?"

Hapo akakuna kichwa. Akapiga simu ofisini. Ofisini wakasema kilichoanzwa kwa zamani kiishe kwa zamani. Akaniambia niongeze mpaka 50. Nimenyanyua katoni ya nne, simu ikalia: hapana, mwambie asubiri. Nikasubiri na katoni mikononi. Kilo 13, jamani, si mtoto mchanga. Simu ikalia tena: basi aweke 40 lakini azipishanishe. Yaani nusu ya toleo la 4 na nusu ya la 3! Hilo sasa ni toleo la 3 na nusu, halijaandikwa na mtu, halina saini, na likianguka litakuwa langu peke yangu.

Nikasema siweki. Nimeiweka katoni chini, nikaikalia.

Kwa bahati akapita dada wa ukaguzi wa ubora, yule anayetembea na kalamu mbili, bluu na nyekundu. Hakuuliza nani kasema nini. Aliuliza swali moja tu: "Wamebadilisha kwa sababu gani?"

Kimya. Karatasi haikusema. Msimamizi hajui. Kijana wa ofisini anajua kuchapa tu. Ikabidi dada mwenyewe apige simu, na ndipo ikajulikana kwamba paleti zilizokaa ghalani zimeanza kulalia upande, katoni za chini zimepondeka.

Kumbe kila kitu kilikuwa kwenye sababu! Alinieleza huku amechuchumaa mbele ya paleti ya pili. Katoni inabeba mzigo kwa kona zake nne, si kwa tumbo. Ukizipishanisha, kona ya juu inatua katikati ya ukuta wa katoni ya chini, mahali palipo dhaifu. Zinashikana vizuri, hazitelezi, lakini zinapondeka upesi. Na kwa matabaka 5, katoni ya chini kabisa inabeba wastani wa kilo 52 kichwani. Kwa 4 inabeba 39. Akanishikisha vidole kwenye kona ya chini ya paleti ile. Ilikuwa imeshaanza kukunjamana kama soksi.

"Mwezi uliopita," akasema, "walipohamisha lebo kutoka kushoto kwenda kulia, ulimaliza bechi yako kwa zamani, sivyo?"

Ndivyo, nilimaliza. Ile ilikuwa ya macho tu, haimuumizi mtu, na kuchanganya lebo mbili ndani ya bechi moja kungeleta utata bure. Lakini hii ya leo inaponda. Mabadiliko yanayoziba hatari hayaangalii ulianza saa ngapi, yanarudi nyuma mpaka kwenye kazi uliyokwisha kuisaini. Akatoa kadi nyekundu, akazibandika paleti zote 6. Kadi nyekundu, kama mpira, na mimi ndiye niliyetolewa uwanjani. Zilizotoka na lori alfajiri akaenda kuzipigia simu huko zilikofika.

Nikapangua. Paleti 6 zikawa za upya, ya saba ikavunjwa mpaka sakafuni, maana juu ya msingi wa matofali huwezi kusimamisha nguzo. Katoni 333 zikatoa paleti 8 na salio la 13. Lebo za paleti nilizokuwa nimeshachapa zinasema 50, kumbe ndani 40, kwa hiyo nazo zikachanwa, vinginevyo ghala lingehesabu katoni 10 za mizimu kwa kila paleti.

Ikabaki kadi ya kazi. Msimamizi akataka niandike toleo la 4 kuanzia saa nne, "ili ilingane na karatasi." Hapo heshima ilinitoka kidogo. Nisaini kwamba nimetii waraka saa nzima kabla sijauona? Mimi nabii? Akashika ile kalamu nyeupe ya kufutia, dada akamkodolea macho, akairudisha mfukoni. Tukachora mstari mmoja juu ya maandishi ya zamani, yakabaki kuonekana, tukaandika: toleo la 3 hadi saa 5:10, kazi ikazuiwa, ikapangwa upya kwa toleo la 4. Saini, saa, basi.

Na hiyo saa 5:10 yenyewe ni ya ukuta wetu. Ya ofisini iko mbele kwa dakika saba. Nimeomba irekebishwe mara ngapi? Wanasema ipo juu, inahitaji ngazi. Ngazi ipo, imefungwa stoo. Ufunguo anao mtu wa zamu ya usiku, naye akifika anakuta karatasi mlangoni inayosema ngazi isitumike usiku. Karatasi yenyewe haina hata namba ya toleo.