Wabaki ndani au watoke wote?

"Kaka, mkakati wetu wa usalama wa moto umerudishwa. Jengo la makazi, ghorofa 9, nyumba 4 kila ghorofa, ngazi moja. Mkaguzi ameuliza: moto ukiwaka ghorofa ya 4, wa ghorofa ya 8 wanafanya nini? Tuandike wabaki ndani au watoke?"

Kila jibu lina watetezi wake, na kila jibu linadai michoro tofauti. Ukiandika wabaki, umeahidi kwamba kila nyumba ni sanduku: kuta, sakafu na mlango wa mbele vitaufungia moto humohumo mpaka Zimamoto wauzime. Majengo mengi ya makazi Uingereza yamepangwa hivyo kwa miongo, na mara nyingi mpango huo umefanya kazi. Jiko la mmoja linaungua, jirani wa juu anasikia harufu tu, na ngazi inabaki wazi kwa askari wanaopandisha mipira ya maji.

Halafu likaja jengo la Grenfell, London, usiku wa tarehe 14 Juni 2017. Ghorofa 24, ngazi moja. Moto ulianzia jikoni ghorofa ya 4, na simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku. Ukatokea dirishani, ukashika vibao vya nje vya alumini vilivyokuwa na plastiki katikati, ukapanda. Agizo la kubaki ndani halikufutwa mpaka saa 8:35, na watu 72 walikufa. Mimi hapo nasoma makosa mawili: masanduku yalishavunjika, na jengo halikuwa na king'ora cha kuwaambia wote kwa pamoja kwamba mpango umebadilika.

Jengo lako halina vibao vya namna hiyo. Sakafu ya zege ya sentimita 15, nondo zikiwa zimefunikwa vizuri, inavuka dakika 60 za moto bila shida, kwa hiyo naelewa kishawishi cha kuandika wabaki. Lakini nenda kaangalie shafti ya bafuni. Kuna jengo lililokwisha kupakwa rangi ambako nilifungua kifuniko cha shafti nikakuta bomba la plastiki la milimita 110 limepita kwenye tundu linaloingia kichwa cha mtu, na pengo limezibwa kwa karatasi za mifuko ya saruji. Bomba hilo likiyeyuka, moshi unapanda moja kwa moja hadi bafu la juu. Dawa yake ni pete ya chuma yenye kitu kinachovimba kwa joto na kulibana bomba. Ukimulika tochi kutoka chini na mwenzako wa juu akauona mwanga, mkakati wa kubaki umekufa.

Sasa upande wa kutoka. Watu huogopa foleni, lakini hesabu haiwaungi mkono: nyumba 36 kwa watu 5 ni watu 180, na ngazi ya mita 1.1 hupitisha kama watu 45 kwa dakika. Dakika nne hivi, ukiacha muda wa kuamka na kutembea. Adui ni moshi. Familia ya ghorofa ya 4 ikikimbia na kuacha mlango wazi, korido inajaa, kisha ngazi, na wale wa ghorofa ya 8 wanashuka kuufuata. Ndiyo maana milango ya kujifunga yenyewe unaihitaji kwa vyovyote vile, na kule juu ya ngazi pawe na dirisha la kutolea moshi.

Ugumu mwingine ni kelele za bure. King'ora kikiamsha jengo zima kila mtu anapokaanga dagaa, usiku wa tatu waya utakatwa. Kwa hiyo kitambua moshi cha ndani kilie kwa mwenye nyumba peke yake. Karibu na mlango wake wa mbele weka kitambua joto, kile cha nyuzi 58 hivi, na hicho ndicho kiite jengo zima. Kinachelewa, ndiyo, ila kikilia watu wanakiamini. Kitambua moshi cha korido nacho kiite wote bila kusubiri, maana moshi ukishafika korido sanduku limevunjika tayari.

Ningekuwa mimi ningeandika watoke. Siamini kwamba miaka mitano baada ya kukabidhiwa, mafundi bomba na wapangaji wanaoweka kandambili kuzuia mlango usijifunge watakuwa wameyaacha masanduku mazima. Ila uamuzi huo unamwacha bibi wa ghorofa ya 8 asiyeweza ngazi. Mchoree nafasi ya kungojea ndani ya kuta zinazozunguka ngazi, sentimita 90 kwa 140, isiyokula upana wa njia, na simu ya kuongea na mlinzi wa chini. Kisha taja kwenye mkakati ni nani wa zamu atakayempandia, kwa sababu mkaguzi akirudi hilo ndilo atakalouliza.