Kuhesabu maneno au kuhesabu mada: maoni ya wateja yanavyopotea kwenye jedwali

"Tumepakua maoni ya wateja, yako kama elfu tatu kwenye faili moja la CSV, na bosi anataka ripoti. Tuhesabu maneno yanayojirudia, au tukae tuyasome tuyapange kwa mada?"

Wanaotetea kuhesabu maneno wana hoja nzito. Kompyuta inamaliza kazi kwa sekunde chache, haichoki, na ukirudia kesho kwenye faili lilelile unapata jibu lilelile. Wanaotetea mada nao wanasema, na wana haki, kwamba shida moja mteja anaweza kuieleza kwa njia kumi zisizofanana. Mimi naegemea upande wa mada, ila si moja kwa moja, na sababu kubwa ni jinsi Kiswahili chenyewe kinavyojengwa.

Tuchukue mfano wa kampuni inayosafirisha vifurushi kwa mabasi. Maoni haya 7 nimeyatunga, lakini aliyewahi kufungua faili la namna hii atayatambua:

1. Mzigo umechelewa siku tatu
2. mnachelewesha sana
3. Sijawahi kucheleweshewa, asanteni
4. mmeleta mzigo leo wakati mlisema juzi
5. Mzigo umefika mzima ila dada wa kaunta ana majibu ya mkato
6. mzgo haujafika mpaka leo cjui nifanyeje
7. Mzigo ulifika salama, mzigo haukufunguliwa, mzigo safi kabisa

Ukihesabu maneno kama yalivyo, "mzigo" linaongoza kwa mara 6. Tulijua hilo kabla ya kuhesabu. Kampuni inasafirisha mizigo. Tena nusu ya hizo 6 zimetoka kwa mteja mmoja aliyefurahi, wa namba 7. Kuchelewa, ambako ndiko kilio chenyewe, hakuonekani kabisa: "umechelewa", "mnachelewesha" na "kucheleweshewa" kila moja limetokea mara moja, kwa hiyo yote yanakaa mkiani mwa orodha pamoja na "kaunta" na "juzi". Kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati, ukanushi na mnyambuliko ndani ya neno moja. Kompyuta inayotenganisha maneno kwa nafasi inaona maneno matatu tofauti pale ambapo msomaji anaona jambo moja.

Dawa ya kwanza ni kutafuta mzizi badala ya neno zima, na kuhesabu maoni badala ya matokeo ya neno. Maoni yakiwa kwenye safuwima ya B ya Excel, fomula hii inatosha:

```
=COUNTIF(B2:B8,"*chelew*")
```

Inahesabu seli zenye mzizi huo, hivyo mteja aliyelitaja neno mara tatu anahesabiwa mara moja tu. Kwa mfano wetu jibu ni 3. Namba hiyo inapendeza kwa sababu iko karibu na ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Kati ya hizo 3, namba 3 ni pongezi: "Sijawahi" limegeuza maana yote. Na malalamiko mawili ya kuchelewa, namba 4 na 6, hayana mzizi huo hata kidogo. Wateja waliocheleweshewa ni 4. Fomula imewakamata 2 na kumwongeza mmoja asiyehusika. Makosa ya pande mbili yamefutana kiasi, na jumla ikatoka na sura ya usahihi.

Mtego mwingine uko kwenye kusafisha. Programu nyingi hukushauri uondoe kwanza maneno madogo kama "ya", "na", "kwa" na "ni", kwani yatajaa juu ya orodha. Sawa, lakini angalia orodha hiyo ya kuondolewa kabla ya kuikubali. Ikiwa na "sio" au "hakuna" ndani yake, "huduma sio nzuri" inabaki "huduma nzuri", na wingu lako la maneno, ile picha inayokuza maneno yanayojirudia, litamwonyesha bosi sifa ambazo hakuna aliyezitoa. Ongeza uandishi wa simu, yaani "cjui", "xana" na "mzgo", na utaona kwa nini mteja mwenye haraka na hasira ndiye anayepotea kirahisi zaidi kwenye hesabu hii.

Basi tusome na kupanga kwa mada? Ndiyo, ila huku nako kuna udhaifu wake, na watetezi wake huwa hawausemi. Tuseme watu wawili wamesoma maoni 100 yaleyale, kila mmoja peke yake, na kuweka alama panapohusu "lugha ya wahudumu". Wote wawili wameweka alama kwenye maoni 6, wote wameacha 84, na kwenye 10 wametofautiana, kila mmoja akiweka alama kwenye 5 ambayo mwenzake ameyaacha. Ripoti itasema wamekubaliana kwa asilimia 90. Inasikika vizuri mpaka ukumbuke kwamba makubaliano mengi ni ya maoni ambayo hayahusiki kabisa na mada hiyo. Katika maoni 16 ambayo angalau mmoja wao aliyawekea alama, wamekubaliana kwenye 6 tu. Bosi akimuuliza mmoja anaambiwa shida hii iko kwenye maoni 11. Akimuuliza mwenzake anaambiwa 11 pia, lakini si yaleyale.

Chanzo mara nyingi si uzembe wa wasomaji. Ni mada kuandikwa kama kichwa cha habari bila kanuni. "Napiga simu hampokei" ni lugha ya wahudumu au ni mawasiliano? Kila mada inahitaji sentensi moja inayosema nini kinaingia, nini hakiingii, na mfano wa maoni yaliyo mpakani. Iwepo pia ruhusa ya maoni moja kubeba mada mbili: namba 5 ina sifa ya mzigo kufika mzima na lawama ya kaunta, na kulilazimisha kwenye kisanduku kimoja ni kufuta nusu yake. Asilimia za mada zikijumlishwa zitazidi 100, na ripoti iseme hivyo waziwazi. Ukiona "Mengineyo" inazidi kukua wiki hadi wiki, kanuni zimeacha kushika.

Kuna kazi moja ambayo hesabu ya maneno inaifanya vizuri kuliko msomaji yeyote: kuibua jambo ambalo hakuna aliyelitegea mada. Majina ya mahali na ya vituo kwa kawaida hayanyambuliki kama vitenzi, hivyo yanahesabika vizuri. "Nyegezi" likiruka ghafla kutoka mkiani hadi juu ya orodha ya mwezi, una sababu ya kuyafungua maoni ya stendi hiyo leo. Msomaji aliyegawa maoni kwa "kuchelewa" na "bei" angeweza kulipita.

Kwa maoni elfu tatu, mimi ningeanza na orodha ya maneno ili kuona majina yaliyojitokeza, kisha ningesoma maoni kama 200 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuandika kanuni za mada kutokana na hayo. Watu wawili wapitie 100 kati yake, wagombane juu ya waliyotofautiana, warekebishe kanuni, ndipo wagawane yaliyobaki. Mizizi kama "chelew" ibaki kwa ufuatiliaji wa kila wiki kati ya ripoti moja na nyingine. Ila kila mwezi chota maoni 50 ambayo mzizi *haukuyakamata* uyasome. Ukikuta mle ndani "mlisema juzi" na "mpaka leo", ongeza misemo hiyo kwenye utafutaji, na uandike tarehe uliyoiongeza. Bila tarehe hiyo, mwezi ujao namba itapanda, na kuna meneja wa tawi atakayelaumiwa kwa mabadiliko yaliyotokea kwenye fomula yako.