Zege la moto kwenye boksi jeupe

"Nauza chipsi mayai na kuku wa kukaanga, na wateja wangu wengi wa jioni wanabeba. Nimeambiwa haya maboksi meupe ya stairofomu yanaleta saratani. Lakini ni ya bei rahisi na hayavuji. Niyaache au niendelee nayo?"

Kwa zege linalotoka jikoni moja kwa moja, dada yangu, yaache. Kwa maandazi yaliyopoa sioni sababu ya kukutia hofu. Boksi ni lilelile, lakini kinachowekwa ndani kinabadilisha hukumu, na nitaeleza kwa nini.

Stairofomu ni plastiki iitwayo polistairini, iliyoumuliwa kwa gesi mpaka sehemu kubwa ya boksi ikawa hewa tupu. Hewa hiyo ndiyo inayolifanya liwe jepesi, litunze joto na lisimuunguze mteja mkono. Plastiki yenyewe imeundwa kwa kuunganisha kemikali iitwayo stairini, na katika kuunganisha huko kuna kiasi kidogo kinachobaki huru ndani ya boksi. Stairini huyeyuka kwenye mafuta kwa urahisi zaidi kuliko kwenye maji. Ndiyo maana mafuta huivuta kutoka kwenye plastiki, na huivuta zaidi chakula kikiwa cha moto na kikikaa muda mrefu.

Je, kiasi hicho kinaleta saratani? Mwaka 2018 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka stairini kwenye kundi la 2A, yaani vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Hilo si jambo la kupuuza. Lakini ushahidi uliotoka kwa binadamu ulihusu zaidi wafanyakazi wa viwandani waliovuta mvuke wake kwa miaka, wala si watu waliokula chipsi. Kinachoingia kwenye chakula ni kidogo mno ukilinganisha na walichovuta wafanyakazi hao, na stairini hupatikana hata kwenye mdalasini kiasili. Kwa hiyo anayemwambia mteja kwamba sahani moja itamuua anamtisha bure. Naye anayesema "yangekuwa na madhara yasingeuzwa" anasahau kwamba chombo hupimwa kwa matumizi fulani, na boksi hili halikutengenezwa lipokee mafuta yanayotoka kwenye kikaango.

Hapo kwenye joto ndipo ninapoona hoja nzito kuliko zote. Polistairini huanza kulegea ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Mafuta ya kukaangia chipsi huwa kati ya nyuzi 170 na 190. Unapoopoa chipsi zikalia "chwaa", sauti ile ni maji yaliyomo kwenye viazi yanayochemka na kutoka kama mvuke, na maji huchemka kwa nyuzi hizohizo 100. Maana yake, chipsi zikiwa bado zinalia, boksi haliziwezi. Zikinyamaza, joto la ngozi yake limeanza kushuka. Zipe dakika mbili tatu zaidi kwenye chujio la waya mafuta yachuruzike, ndipo ufungashe. Huhitaji kipimajoto, sikio linatosha.

Zege ni gumu zaidi kuliko chipsi kavu. Mayai hufunika viazi na kuzuia mvuke usitoke haraka, na chini ya lile yai hubaki mafuta ambayo hayakuchuruzika. Ukiligeuza kutoka kwenye kikaango moja kwa moja hadi kwenye boksi, mafuta hayo hutua sehemu moja na kukaa hapo njia nzima. Ukitaka kuona mwenyewe, fungasha zege moja kama kawaida yako, lifunge nusu saa, kisha litoe na uifute sakafu ya boksi. Angalia kama kuna vishimo, sehemu zilizobonyea, au mahali palipopoteza weupe wake na kung'aa kama kioo. Hapo plastiki imelegea kwa joto, na chakula kilikuwa kimelala juu yake.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hawalijui. Ganda la ndimu, limau na chungwa lina mafuta yanayoyeyusha polistairini hata yakiwa ya baridi. Kipande cha ndimu kilichowekwa pembeni ya mishkaki kinaweza kutoboa boksi kabla mteja hajafika kwake. Kamulia juu ya nyama, ganda lisiingie.

Tukija kwenye mbadala, nakushauri zege na kuku viende kwenye chombo cha foili. Kinavumilia joto la kikaango na mafuta hayakidhuru. Udhaifu wake ni asidi: kachumbari yenye nyanya na ndimu, au siki, ikikaa juu ya foili hula madini yake, kwa hiyo ifunge pembeni. Pia foili hupitisha joto haraka, mteja atahitaji mfuko wa kushikia. Chipsi kavu zilizochuruzika ziweke kwenye mfuko wa kaki uliotandikwa karatasi ya kuokea. Ukishikilia plastiki, geuza chombo utafute pembetatu chini yake: namba 5 yenye herufi PP huvumilia maji yanayochemka, namba 6 yenye PS ni ndugu wa stairofomu, na namba 1 yenye PET hulegea mapema zaidi, kwenye nyuzi 70 hivi, hata kama inaonekana imara na safi. Gazeti lisiguse chakula kabisa, kwa sababu mafuta huvuta wino. Mfuko mwembamba wa nailoni uliomiminiwa chipsi za moto nao si nafuu ya chochote.

Gharama ndiyo hoja ya kweli ya upande wa pili, na siwezi kuikwepa, maana faida ya sahani ya chipsi ni ndogo. Chukua mfano huu kisha uweke bei za sokoni kwako. Tuseme unafungasha sahani 40 kwa siku, boksi jeupe shilingi 100 na foili 250. Ukihamishia zote kwenye foili, umeongeza shilingi 6,000 kila siku, na ukirudi kwenye boksi baada ya wiki moja sitakulaumu. Lakini si wateja wote wanahitaji foili. Wateja 10 wa jirani wanaweza kuja na kontena au hotpoti zao, wengine 10 wananunua chipsi kavu zinazoingia kwenye kaki ya shilingi 100 pamoja na karatasi yake. Zinabaki 20 za foili. Hesabu ya vifungashio inapanda kutoka 4,000 hadi 6,000. Ongeza shilingi 100 kwenye kila sahani ya foili, na zile 2,000 zimerudi.

Kontena la mteja lina sharti lake: liwe safi na kavu, na koleo lako lisiliguse. Mimina kwa juu, maana uchafu wa chombo kimoja ukishika koleo utahamia kwa wateja wote wanaofuata.

Kama una maboksi meupe dukani, huna haja ya kuyatupa. Yakitupwa huvunjikavunjika na kuziba mitaro, halafu hela yako nayo imepotea. Yamalizie kwa vitumbua vilivyopoa, au matikiti na mapapai yaliyomenywa. Machungwa yenye maganda usiyaweke humo.