Liandike jina kwa mdomo wa anayelisoma

Shangazi Mwanaidi alikuwa ameketi kwenye kliniki moja huko Uingereza, akaitwa "Muwaneidi" mara mbili. Hakuinuka, maana hilo si jina lake. Niliporudi kutoka kuegesha gari nikakuta zamu imeshapita naye bado anasubiri. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo fomu zake najaza mimi, na pembeni ya jina naandika: mwah-nah-EE-dee.

Wapo wanaoshauri IPA, alama za kimataifa za kuandikia matamshi, yaani [mwanaˈidi]. Ukimpelekea mtaalamu wa matamshi, kama wale wa kitengo cha BBC, ataisoma bila taabu. Ila mhudumu wa mapokezi hajafundishwa kwamba kile kimstari hutangulia silabi yenye mkazo. Mtangazaji aliye hewani naye anahitaji maandishi ambayo macho yakiyaona tu, mdomo unatamka. Kwa hiyo mimi IPA naiweka mstari wa pili, kwa anayeijua.

Kila kipande pale juu kina sababu. Mwingereza akiona "ai" huifanya sauti moja, kwa hiyo kistari kati ya "nah" na "EE" ndicho kinachoziokoa irabu mbili. "Mwah" anaijua tayari, ndivyo wanavyoandika mlio wa busu, basi hataongeza "u" katikati. Herufi "h" inamzuia asiseme "nei". Usiandike "nar" badala ya "nah", hata kama mtu wa London ataisoma sawasawa, kwa sababu Mmarekani ataitamka ile "r". Herufi kubwa ndizo zinazobeba mkazo, ambao kwetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Ukishaandika, mpe karatasi mtu asiyewahi kulisikia jina, asome kwa sauti nawe ukae kimya. Hesabu silabi. Mwanaidi ina nne. Ukisikia tano, ameongeza irabu mahali, na ukisikia tatu, amezimeza mbili pamoja. Akikosea, rekebisha maandishi, usimrekebishe yeye, kwa sababu siku ya miadi hutakuwepo kumsahihisha.

Sauti nyingine hazikubali njia hii. Ng' ya Ng'ang'a wanayo mwishoni mwa neno lao la "imba", lakini hawaanzi nayo neno, na ukiandika "ng" wataingiza "g". Hapo naomba dakika moja niwatamkie.

Tena angalia jinsi mwandiko wako unavyotokea upande wa pili. Mara moja nilijaza vizuri, karatasi ya miadi ikarudi imechapwa MWAH-NAH-EE-DEE, mkazo wote umepotea. Siku hizi naongeza maneno mafupi ya Kiingereza kwamba mkazo uko sehemu ya tatu. Mwezi uliopita waliita mara moja tu, na shangazi akainuka.