Mafuta au nyongo? Kuharisha baada ya kutolewa kifuko

"Nilitolewa kifuko cha nyongo miezi minne iliyopita. Kila asubuhi, hata chai sijanywa, naharisha maji ya njano. Nikila mtori wenye mafuta ndiyo balaa. Mama mkwe anasema niache mafuta maisha yote. Ni kweli?"

Mama mkwe wako hajakosea kabisa, dada, ila neno "asubuhi" ulilolitaja linaonyesha kwamba mafuta siyo mshitakiwa pekee.

Nyongo hutengenezwa na ini, na ini lako lipo. Kifuko kilikuwa ghala tu: kilibeba kama mililita 30 hadi 50, kikaikamua maji ikawa nzito, kisha mafuta yakiingia tumboni kikaimimina kwa mkupuo. Sasa nyongo inadondoka kidogo kidogo mchana na usiku, nyepesi, bila kungoja chakula. Bakuli la mtori wenye uboho na ngozi ya mafuta juu linakuta nyongo haba, na ndiyo maana tumbo linajaa na kuunguruma. Hapo mama mkwe yuko sawa.

Lakini saa kumi na mbili alfajiri hakuna mafuta ya kulaumiwa. Kwa kawaida mwisho wa utumbo mwembamba hufyonza karibu asilimia 95 ya chumvi za nyongo na kuzirudisha kwenye ini. Nyongo isiyopumzika inapopita kiasi, inayobaki inafika utumbo mpana, inavuta maji na kuusukuma utumbo ukimbie. Choo kinatoka chepesi, cha njano au kijani, na hakisubiri.

Namkumbuka mama mmoja wa Majengo, hapa Moshi, aliyekula ugali na mchicha wa kuchemsha tu kwa wiki mbili. Alikonda, na bado kila alfajiri alikuwa anakimbilia chooni. Alipoandikiwa kolestiramini, unga wa kukoroga kwenye maji unaonasa nyongo, choo kilishikana ndani ya siku chache. Dawa hiyo hunasa na dawa nyingine pia, kwa hiyo hizo humezwa saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baadaye.

Kwa hiyo mimi siungi mkono marufuku ya maisha. Mtori pika, uache upoe, engua mafuta yaliyoganda juu, kisha kula bakuli dogo mara mbili badala ya moja kubwa. Wengi hutulia baada ya wiki au miezi michache, na mafuta hurudishwa taratibu. Wewe umefika mwezi wa nne na maji bado yanatoka kila siku, kwa hiyo mwulize daktari wako kuhusu unga huo.

Choo kikigeuka cheupe kama udongo, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakawa ya njano au ukapata homa ya kutetemeka, huenda ni njia ya nyongo iliyoziba au kujeruhiwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.